Advansi Yetu, Harusi Yao

Mwaka jana nikiwa mwaka wa pili niliwahi kudai shilingi 5,393,000 nikachekwa. Wiki tatu baadaye nikadai shilingi 1,438,000 kwa watu walewale, na pesa ikaanza kutoka. Naandika haya kwa sababu msimu wa kuwaaga mwaka wa tatu umerudi, na tayari nimeshaona kwenye makundi ya wasapu watu wanachangishana pesa za ukumbi. Wengi wenu mnajua kuchangisha. Kudai kinachorudi pale ukumbi unapowageuka ni somo jingine, na mimi nimelisoma kwa ada kubwa.

Tulikuwa 80 tuliochanga, kila mmoja shilingi 60,000. Kwa mwanafunzi anayesubiri bumu mnajua hiyo ni nini. Mimi nilikuwa mratibu wa sherehe, kwa hiyo nilitafuta ukumbi. Nikaupata mmoja hapa Dodoma, si wa kifahari, lakini una paa zuri na uwanja wa kuegesha magari. Bei ilikuwa shilingi 1,800,000 kwa Jumamosi moja jioni. Tukalipa nusu, shilingi 900,000, kwa simu. Nusu iliyobaki ilitakiwa kulipwa siku saba kabla ya sherehe. Mkataba ulikuwa karatasi moja, pande mbili, na mimi ndiye niliyeweka sahihi. Sikuusoma upande wa nyuma. Nani husoma upande wa nyuma?

Siku tisa kabla ya sherehe, Alhamisi saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka kipindi, simu ikaita. Alikuwa meneja wa ukumbi.

"Binti yangu, hali si nzuri," akasema. "Ukumbi hautapatikana tarehe yenu. Kuna ukarabati wa umeme."

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Sasa sisi tutafanyaje? Kadi zimeshatoka."

"Marahaba. Njooni tuwapangie tarehe nyingine. Na msiwe na wasiwasi, advansi yenu ipo, tutaihamisha."

Nilikaa kwenye ngazi za jengo la mihadhara kama dakika kumi bila kusogea. Nilikuwa nawaza watu 80 na jinsi nitakavyowaambia. Kisha nikampigia rafiki yangu anayesoma sheria, tuliyekaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza. Yeye hakunipa pole hata moja. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekuandikia?"

Hakuwa ameandika, alipiga simu tu. Rafiki yangu akaniambia nimtumie meseji palepale, yenye heshima, ikirudia aliyosema. Nikaandika: "Mzee shikamoo, kama tulivyoongea leo saa nne, umesema ukumbi hautapatikana Jumamosi ya sherehe yetu kwa sababu ya ukarabati wa umeme. Naomba unithibitishie niwajulishe wenzangu." Baada ya nusu saa akajibu: "Ndiyo ukumbi hautapatikana, kuna ukarabati wa umeme. Njooni tupange tarehe nyingine."

Meseji ile fupi ndiyo iliyotubeba. Baadaye meneja alijaribu kusema kwamba sisi ndio tuliochelewa kumalizia malipo, ndiyo maana tarehe ikapotea. Lakini meseji ilikuwa na tarehe na saa, na siku ile bado tulikuwa na siku mbili nzima kabla muda wa kumalizia malipo haujafika. Simu ya mdomo ingekuwa neno langu dhidi ya neno lake.

Tarehe nyingine haikuwezekana. Wiki iliyofuata mitihani ilikuwa inaanza, na baada ya mitihani mwaka wa tatu wanatawanyika. Unamwaga nani wakati ameshapanda basi? Kwa hiyo kuanzia Alhamisi ileile mchana tukaanza kuzunguka, mimi na mhazini, kwa daladala na bodaboda, kutoka Sabasaba mpaka Area D, Kisasa na kurudi. Tulipata kumbi tatu zilizokuwa wazi tarehe ile. Moja ya hoteli, shilingi 2,600,000. Moja ndogo ya shilingi 1,500,000, lakini inaingiza watu 100 na sisi tulikuwa na kadi 150. Ya tatu shilingi 2,000,000, ukubwa uleule kama wa kwanza, ila haina viti wala meza. Tukachukua ya tatu.

Hapo tukakwama kwenye pesa. Ukumbi mpya ulitaka pesa yote mara moja, na sisi kwenye fungu la ukumbi tulibaki na shilingi 900,000 tu, kwa sababu nyingine ilikuwa mikononi mwa mzee. Tulipungukiwa na shilingi 1,100,000. Kamati ilikuwa na watu 11. Kila mmoja akakopesha shilingi 100,000 ya mfukoni mwake. Yangu ilikuwa nauli ya kwenda Mpanda kwenye mazoezi ya kufundisha, na ilitakiwa kurudi kabla ya mwezi wa saba. Gharama nyingine ndogondogo tukazitoa kwenye pesa ya mpishi, tukamwomba atusubiri kidogo. Mama wa watu akakubali.

Sherehe ikafanyika na watu wakacheza. Mimi sikucheza, nilikuwa nahesabu viti.

Usiku uleule, mwenzetu mmoja alipita barabara ya ukumbi wa kwanza akitokea kumchukua mgeni. Akakuta taa zinawaka ukumbi mzima, magari yamefungwa riboni, matarumbeta yanalia nje. Harusi. Akapiga picha tatu kutoka barabarani, bango la maharusi linaonekana vizuri, tena lina tarehe. Kumbe umeme ulikuwa haujakarabatiwa wala nini. Kulikuwa na mwenye pesa zaidi.

Hasira iliyowaka kwenye kundi letu usiku ule sikuwahi kuiona. Na hasira ndiyo iliyoandika barua yetu ya kwanza.

Mwenyekiti wetu ni mtu mzuri, ila siku ile aliandika kama anayetuma salamu za vita. Alidai advansi, shilingi 900,000. Akadai ukumbi mpya wote, shilingi 2,000,000. Kukodi viti na kuvisafirisha, shilingi 115,000. Kadi za zamani na kadi mpya, shilingi 150,000 kila mara, jumla 300,000. Bango la zamani na bango jipya, shilingi 45,000 kila moja, jumla 90,000. Fulana 80 za shilingi 12,000, jumla 960,000. Nauli za kutafuta ukumbi, shilingi 28,000. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, "USUMBUFU", shilingi 1,000,000. Jumla kuu 5,393,000. Nikasaini, maana mkataba ulikuwa wangu, tukapeleka.

Meneja alisoma barua mbele yetu. Alipofika chini akacheka, tena kicheko cha kweli.

"Wanangu," akasema, "mnataka niwafanyie sherehe bure halafu niwalipe na mshahara? Nendeni mahakamani." Akageuza mkataba, akatuonyesha nyuma mstari mmoja: Malipo ya awali hayarudishwi. "Someni hapa. Kwa huruma yangu nawapa nusu, laki nne na nusu. Mkikataa basi."

Tulitoka pale vichwa chini. Mwenyekiti alitaka tukubali laki nne na nusu. Nami nilitaka, nisiwadanganye. Nikapeleka barua ile kwa rafiki yangu wa sheria, nikitegemea ataniambia meneja ni mkorofi. Akaisoma, akaniambia, "Amekosea kuhusu advansi. Lakini kuhusu sherehe ya bure yuko sahihi."

Nilikasirika. Halafu akanieleza, na nikagundua kwamba ni hesabu ya kawaida kabisa, ile ninayofundisha watoto wa kidato cha pili.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Maana yake kwa lugha ya hosteli ni kwamba pesa inakurudisha pale ambapo ungekuwa kama mwenzako angetimiza ahadi yake. Haikuachi chini ya pale, na haikupandishi juu ya pale.

Sasa tuiangalie barua yetu. Kama mzee angetupa ukumbi, tungekuwa tumetumia pesa ngapi? Ukumbi shilingi 1,800,000, kadi 150,000, bango 45,000. Jumla 1,995,000. Na baada ya yeye kughairi, tulitumia pesa ngapi kwa mambo yaleyale? Advansi yake 900,000, ukumbi mpya 2,000,000, viti 115,000, kadi mara mbili 300,000, bango mara mbili 90,000, nauli 28,000. Jumla 3,433,000. Toa ya kwanza kwenye ya pili, unapata 1,438,000. Hiyo ndiyo hasara. Mengine yote yalikuwa hasira.

Makosa yetu yalikuwa ya aina mbili, na nimeyaona kwa wengine pia. La kwanza ni kuhesabu kitu mara mbili. Ukidai advansi yako yote irudi, na hapohapo ukadai gharama yote ya ukumbi mpya, umepata ukumbi bila kulipa hata senti. Lakini wewe ulikuwa tayari kulipa 1,800,000 tangu mwanzo. Unachostahili ni advansi, pamoja na ile tofauti ya 200,000 kati ya bei ya zamani na bei mpya. Kadi ni vilevile. Kadi seti moja ungelipa tu, hata kama kusingekuwa na tatizo. Iliyopotea ni seti moja, kwa hiyo unadai 150,000 na siyo 300,000. Chagua kudai zile zilizoharibika au zile ulizochapa upya, ila siyo zote.

La pili ni kudai kitu ambacho hakikupotea. Fulana zetu hazikuandikwa jina la ukumbi. Tulizivaa usiku ule, na mpaka leo watu wanazivaa kwenda kununua chipsi. Ukimdai mtu pesa ya fulana uliyoivaa wakati unaongea naye, unampa sababu ya kutilia shaka hata madai yako ya kweli. Mwenyekiti alikuwa ameivaa siku ile ofisini kwa meneja. Nilikumbuka baadaye nikaona aibu peke yangu.

Na shilingi milioni moja ya usumbufu? Rafiki yangu aliniambia hakimu anaweza kutoa fidia ya jumla kwa hiari yake, lakini huwezi kujikatia mwenyewe kiasi na kukiita deni. Kwenye barua ya madai kinachosimama ni kile chenye karatasi.

Nikamuuliza kuhusu ule mstari wa nyuma, malipo ya awali hayarudishwi. Akaniambia niusome pamoja na mstari wa juu yake, ambao meneja aliufunika kwa kidole gumba. Ulikuwa unasema: Mteja akighairi. Yaani mstari ule ulimlinda mwenye ukumbi dhidi ya mteja anayejiondoa mwenyewe, na hiyo ni haki, maana siku hiyo angekuwa amewakataa wengine kwa ajili yetu. Haukusema lolote kuhusu mwenye ukumbi akighairi yeye. Na hata kama ungekuwa peke yake, mtu havunji ahadi halafu akajificha nyuma ya ahadi hiyohiyo. Pesa ya advansi ilikuwa ni sehemu ya bei ya ukumbi, na ukumbi hatukupewa hata kwa dakika moja. Hana alichotupa kwa pesa ile.

Hata hivyo alinionya kwamba kuna mikataba ambayo mwenye ukumbi ameandika wazi kuwa akighairi atarudisha advansi tu na si zaidi. Ukisaini huo, gharama nyingine zitakuwa ngumu kuzipata. Kwa hiyo upande wa nyuma unasomwa kabla ya kalamu, siyo baada ya harusi ya watu.

Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Una ushahidi gani kwamba hakukuwa na ukarabati?"

Nikashangaa. Kwani kuna tofauti gani? Si ukumbi haukupatikana tu?

Akanisimulia kesi moja ya Uingereza ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mapema kabisa, Taylor dhidi ya Caldwell. Mwaka 1861 Taylor alikodi ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, London, kwa siku nne, kwa pauni 100 kila siku. Siku chache kabla ya tamasha la kwanza, ukumbi ukaungua moto. Hakuna aliyelaumiwa kwa moto ule. Taylor alikuwa ameshatumia pesa kutangaza na kuandaa, akadai arudishiwe. Mwaka 1863 mahakama ikamkatalia. Ukumbi umeteketea bila kosa la mtu, basi pande zote mbili zinaachiliwa, kila mtu abebe gharama zake.

Kwa Tanzania nako sheria ina njia hiyo. Kifungu cha 56 kinahusu jambo lililokuwa linawezekana likageuka kutowezekana, na mkataba ukafa wenyewe. Hapo kifungu cha 65 bado kinamtaka aliyepokea kitu akirudishe, kwa hiyo advansi yako inarudi. Lakini kadi, bango na tofauti ya bei ya ukumbi mpya ni vigumu kuzidai, kwa sababu hakuna aliyevunja ahadi. Nyoka hakumuuma mtu kwa kutumwa.

Sasa nikaelewa kwa nini meneja alisema umeme. Sidhani kama alikuwa amesoma kesi ya Surrey Gardens, ila alijua kwamba kisingizio cha dharura kinamfanya mteja anyamaze. Kama kweli nyaya zingekuwa zimeungua, tungeishia kwenye 900,000. Lakini harusi usiku uleule, ndani ya ukumbi uleule, chini ya taa zilezile, ilimaanisha kwamba ukumbi ulikuwepo na uliuzwa mara mbili. Picha zile tatu zilitutoa kwenye 900,000 zikatupeleka kwenye 1,438,000.

Tuliandika barua ya pili wenyewe, mimi na mhazini, chumbani kwetu, usiku mmoja. Haikuzidi kurasa mbili. Aya ya kwanza ilieleza mkataba: tarehe, bei, advansi na namba ya muamala. Aya ya pili ilieleza kughairi: siku, saa, na maneno ya meseji neno kwa neno. Aya ya tatu ilieleza harusi, bila tusi lolote. Kisha likaja jedwali. Advansi 900,000. Tofauti ya ukumbi 200,000. Viti na usafiri wake 115,000. Kadi 150,000. Bango 45,000. Nauli 28,000. Jumla 1,438,000. Chini yake tukaweka ile hesabu ya kutoa niliyowaonyesha hapo juu, ili aone njia. Huwa nawaambia watoto darasani, jibu bila njia halina maksi. Kumbe na madai ni hivyohivyo.

Tukaeleza pia kwamba tulitembelea kumbi tatu, na bei za zote tatu. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Aliyevunjiwa mkataba anatakiwa apunguze hasara pale anapoweza. Kama tungekimbilia hoteli ya 2,600,000 wakati ya 2,000,000 ipo wazi na inatutosha, zile 600,000 za juu zingekuwa zetu wenyewe. Na sisi kwa bahati tulichagua ya katikati, siyo kwa sababu tunajua sheria, bali kwa sababu hatukuwa na pesa.

Mwisho tukampa siku 14, tukamwambia baada ya hapo tutafungua madai mahakama ya mwanzo. Pale shauri linasikilizwa kwa Kiswahili na kiasi chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo hatukuwa tunatishia kitu tusichokiweza. Na mdai angekuwa mimi, kwa jina langu. Kamati yetu haijasajiliwa popote, mbele ya hakimu haipo. Aliyesaini mkataba ndiye anayedai, na ndiye ambaye angedaiwa pia kama sisi ndio tungevunja. Hilo nalo ningependa mratibu wa mwaka huu alijue kabla hajachukua kalamu kwa mbwembwe.

Tulichapa nakala mbili. Moja tukamwachia, nyingine akaiandika "Imepokelewa" na tarehe, na katibu wake akagonga muhuri. Safari hii hakucheka. Alikaa muda mrefu kwenye ile picha ya bango la maharusi.

"Hii nani kawapa?" akauliza.

"Tulikuwa tunapita, mzee," mhazini akajibu.

Siku ya sita, shilingi 900,000 ikaingia kwenye simu yangu, bila meseji ya maelezo. Siku ya kumi akatuita. Hakuwa na ubishi na kadi, bango, wala tofauti ya bei, maana risiti zote zilikuwepo. Lakini viti alivikataa. "Nionyesheni kwenye mkataba palipoandikwa viti," akasema. Tukaangalia mbele na nyuma. Hapakuwa na viti. Siku ya kwanza aliniambia kwa mdomo, "Viti na meza vimo, binti, usihofu," na mimi sikuhofu. Nauli nazo tulikuwa tumeziandika kwenye daftari tu, bodaboda hawatoi risiti, akakataa. Rafiki yangu alisema tungeweza kupambania viti mahakamani kwa ushahidi wa mdomo, ila mitihani ilikuwa imeanza. Tukaacha.

Tukapokea 395,000 nyingine. Jumla 1,295,000. Kabla ya kulipa alitaka tusaini karatasi kwamba hatumdai tena. Tukaisoma pande zote mbili, tukasubiri pesa iingie kwanza, ndipo tukasaini.

Wanakamati 11 wakarudishiwa laki moja moja, nami nikapata nauli yangu ya Mpanda siku nne kabla ya safari. Ikabaki 195,000, tukampelekea mpishi. Alikuwa anatudai 338,000, kwa hiyo pengo la 143,000 lilibaki, ndilo lile la viti na nauli. Wanakamati tukaligawana, 13,000 kila mtu. Hatukuwarudia wale 80 kuwaomba. Nilipompelekea yule mama pesa ya mwisho alinihesabia mbele yangu, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba amepokea, akasaini. Sikuwa nimemwomba.

Karatasi ile ninayo mpaka leo, pamoja na mkataba wa ukumbi. Kamati ya mwaka huu wakitaka kuuona waje, nitawaonyesha kuanzia nyuma.